Wazazi 140, Fomu 52: Wasifu wa Mwalimu Anayeomba Kazi ya Kwanza ya Mauzo

Katika kazi ya mauzo, mtu aliye upande wa pili wa meza ana hiari ya kukataa, na mara nyingi hukataa. Meneja wa mauzo anapoupitia wasifu wa mwombaji ambaye hajawahi kuuza, hatafuti neno "mauzo". Anajua halipo. Anatafuta mahali ambapo mwombaji huyo aliwahi kumkabili mtu huru wa kukataa, akamfuata, akasikia visingizio vyake, na mwisho akampata au akamkosa. Akiona alama hiyo mara mbili au tatu, huuweka wasifu kwenye fungu la watakaoitwa. Asipoiona, haijalishi mwombaji amejieleza vizuri kiasi gani.

Hapo ndipo walimu na wahudumu wa wateja wengi wanapokosea. Wanajua kwamba kazi zao zina ukaribu na mauzo, hivyo hujaribu kuuonyesha ukaribu huo katikati ya kazi yenyewe. Mwalimu huandika kwamba ana uwezo wa kuwashawishi wanafunzi, mhudumu naye kwamba ana uwezo wa kumsikiliza mteja. Lakini mwanafunzi hana hiari, maana kengele ikilia lazima aingie darasani, na asipoingia kuna mwalimu wa zamu. Mteja aliyepiga simu ya huduma naye kaja mwenyewe, tena ana shida yake. Ushahidi unaofaa kwa mauzo hupatikana pembeni mwa kazi hizo, kwenye shughuli ambazo mara nyingi hazimo hata kwenye barua ya ajira. Kwa mwalimu ni kuandikisha wanafunzi wapya, kufuatilia ada, kikao cha wazazi na tuisheni. Kwa mhudumu ni mteja aliyetaka kuhama akabaki, na yule aliyekuja kwa jambo moja akaondoka amelipia mawili.

Uchukuliwe mfano wa mwalimu wa shule ya sekondari binafsi mjini Morogoro. Amefundisha Hisabati na Fizikia kwa miaka 4, na katika miaka 2 ya mwisho alikuwa mwalimu wa darasa la Kidato cha Pili. Ameona tangazo la kazi ya afisa mauzo katika kampuni inayouza na kukodisha mashine za fotokopi kwa ofisi na shule. Tangazo linataka mtu "mwenye uwezo wa kufikia malengo, kutafuta wateja wapya na kukusanya madeni", awe na leseni ya pikipiki, na linasema uzoefu wa mauzo ni sifa ya ziada. Wasifu alionao ni ule aliouombea kazi ya ualimu. Chini ya jina la shule umeandikwa hivi:

Kufundisha Hisabati na Fizikia Kidato cha Kwanza hadi cha Nne.
Kuandaa azimio la kazi na andalio la somo.
Kutunga na kusahihisha mitihani.
Kusimamia nidhamu na kazi za zamu.
Kazi nyingine nilizopangiwa na mkuu wa shule.

Orodha hii ni ya kweli yote, na kwa meneja wa mauzo haina kazi yoyote. Kosa lake la kwanza limo kwenye silabi ya kwanza ya karibu kila mstari. "Kufundisha", "kuandaa" na "kusimamia" ni majina ya majukumu. Yanataja mtu alichotakiwa kufanya na hayasemi kama alikifanya. Mstari ukianza na "nili-", mwandishi hulazimika kusimulia tukio, na tukio huja na idadi, muda na matokeo yake. Badiliko hilo dogo la sarufi huondoa nusu ya maneno matupu kwenye wasifu, kwa sababu si rahisi kuandika "nilisimamia nidhamu" bila kujiuliza ya nani na ikawaje. Wasifu ukiandikwa kwa Kiingereza, kama matangazo mengi yanavyotaka, kanuni ni ileile: kitenzi kiwe cha wakati uliopita.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo limejificha kwenye mstari wa mwisho. Katika "kazi nyingine nilizopangiwa", mwalimu huyu amezika uzoefu wake wote wa mauzo. Shule binafsi huishi kwa ada, na ada hutokana na wanafunzi. Kwa hiyo kila mwaka, wanafunzi wa Darasa la Saba wanapokaribia mtihani wao wa Septemba, walimu kadhaa hupewa vipeperushi na fomu za kujiunga, wakatumwa kwenye shule za msingi, makanisani, misikitini na kwenye mikutano ya wazazi. Mwalimu wa mfano huu alipewa shule 6 za Kihonda na Mazimbu. Kwenye daftari lake kuna majina ya wazazi 140 aliozungumza nao kati ya Agosti na Novemba. Wazazi 52 walinunua fomu. Januari wakaripoti wanafunzi 37.

Hiyo ni kazi ya mauzo kamili, na ngumu. Tangu Januari 2016 shule za sekondari za serikali nchini Tanzania hazitozi ada hadi Kidato cha Nne, kwa hiyo mshindani wa mwalimu huyu alikuwa anatoa huduma bure. Wengi kati ya wale 15 walionunua fomu wasiripoti walichaguliwa kwenda shule za serikali, na wazazi wao wakaona hakuna sababu ya kulipa. Meneja wa mauzo akilisikia hilo ataelewa mara moja, kwa kuwa wauzaji wake nao hushindana kila siku na mtu mwenye bei ya chini. Mstari wenyewe kwenye wasifu unaweza kuwa huu:

Niliandikisha wanafunzi wapya katika shule 6 za msingi za Kihonda na Mazimbu: nilizungumza na wazazi 140, 52 wakanunua fomu, wanafunzi 37 wakaripoti Januari. Mwaka uliotangulia eneo hilo lilitoa wanafunzi 24.

Kuna mambo mawili ya kutazama katika mstari huo. La kwanza ni kwamba umeanza na 140, si na 37. Mwombaji mwenye haya huiacha namba ya mwanzo akidhani inamfedhehesha, kwa kuwa inaonyesha watu 88 waliomkatalia hata fomu. Kwa meneja wa mauzo hiyo ndiyo namba tamu kuliko zote. Inamwambia kwamba mtu huyu aliambiwa hapana mara 88 na akaendelea, na kwamba aliandika. Muuzaji asiyejua ameongea na wangapi hawezi kukadiria mwezi ujao atauza kiasi gani.

La pili ni mwaka uliotangulia. Namba 37 peke yake haisemi kama ni nyingi au chache, na ikisimama kando ya 24 inapata maana. Ila hapo uangalifu unahitajika. Huenda shule ilijenga bweni jipya mwaka huo, au ilipunguza ada, au matokeo ya Kidato cha Nne yalikuwa mazuri kupita kawaida. Mstari hausemi "niliongeza wanafunzi kutoka 24 hadi 37", unaziweka namba mbili kando kwa kando tu. Meneja akiuliza sababu, mwalimu anapaswa kujibu kwa uaminifu kwamba bweni lilisaidia, kisha aeleze yeye alifanya nini zaidi ya bweni. Labda aliwapigia tena wazazi wote walionunua fomu katika wiki ya kwanza ya Desemba, kabla hawajaanza kununua sare za shule nyingine. Jibu la namna hiyo lina uzito kuliko namba yenyewe.

Ufuatiliaji wa ada nao unafaa kuandikwa, ingawa walimu wengi huuona aibu. Katika kampuni nyingi za usambazaji na ukodishaji, afisa mauzo hahesabiwi kuwa ameuza mpaka fedha iingie, na tangazo la mfano huu limetaja kukusanya madeni waziwazi. Mwalimu wa darasa la wanafunzi 45 ambaye kila mwanzo wa muhula hupewa na mhasibu orodha ya wadaiwa, akawapigia wazazi mmoja mmoja na kukubaliana nao tarehe za kulipa kwa awamu, amefanya kazi hiyohiyo. Anaweza kuandika: "Nilifuatilia ada za darasa la wanafunzi 45, kati ya wazazi 19 waliokuwa na deni mwanzoni mwa muhula, 14 walimaliza kulipa kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula, kwa makubaliano ya awamu." Asiloliandika ni kwamba watoto walirudishwa nyumbani. Hata kama ndivyo ilivyokuwa, njia hiyo haina nafasi kwa mteja wa fotokopi, na anayesoma atajua kwamba fedha ilipatikana kwa nguvu ya lango la shule.

Kuhusu ufaulu, walimu huupa nafasi kubwa mno. Mstari unaosema kwamba asilimia fulani ya wanafunzi walifaulu Hisabati unathibitisha ualimu mzuri, na meneja wa mauzo hajui aufanyie nini. Unaanza kumhusu pale tu unapokuwa na lengo lililowekwa mapema: shule ilitaka wastani fulani, somo likaufikia au likaupita, na mwalimu akafanya jambo fulani mahususi kulifikisha hapo. Kufanya kazi chini ya tageti inayopimwa na kutangazwa mbele ya wenzako ni jambo analolifahamu kila muuzaji. Hata hivyo namba hizo zisiongezwe chumvi. Baraza la Mitihani la Tanzania huweka matokeo ya Kidato cha Nne kwenye tovuti yake shule kwa shule, na chini ya orodha ya watahiniwa kuna muhtasari wa kila somo. Mwajiri mwenye simu na dakika 3 anaweza kuhakikisha. Mstari mmoja wa ufaulu uliolingana na tovuti hujenga imani kwa mistari mingine isiyoweza kuhakikiwa, na mmoja usiolingana huibomoa yote.

Tuisheni ni habari ya peke yake. Mwalimu aliyeendesha darasa la jioni kwa mkono wake alitafuta wanafunzi, akapanga bei, akakusanya fedha na akapoteza wateja. Hakuna sehemu ya ualimu iliyo karibu zaidi na biashara. Inafaa kuwekwa kama kazi inayojitegemea, yenye tarehe zake: alianza na wanafunzi wangapi, walifika wangapi, wangapi walitoka kwa kuletwa na wenzao. Lakini si kila tuisheni inaandikika. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na shule nyingi kwenye nchi zote mbili huwazuia walimu wao kuwatoza wanafunzi wao wenyewe. Tuisheni iliyovunja masharti ya mwajiri wa sasa itamwambia mwajiri mpya kwamba mtu huyu hujifanyia biashara ya pembeni kwa wateja wa kampuni. Hilo ni jambo ambalo kampuni za mauzo huliogopa kuliko uvivu.

Upande wa huduma kwa wateja, kanuni haibadiliki, ila tatizo lina sura nyingine. Mhudumu wa kituo cha simu hana uhaba wa namba. Anazo nyingi kupita kiasi, na nyingi ni za kumpima kwa jambo lisilo la mauzo. Wasifu wake hujaa idadi ya simu kwa siku, wastani wa dakika kwa kila simu na alama za ubora alizopewa na msimamizi. Wastani wa dakika hata unaweza kumdhuru. Kituo cha simu humsifu anayemaliza haraka, na mauzo humtaka anayejua lini asiharakishe. Namba ya simu kwa siku ibaki, kwa sababu inaonyesha ustahimilivu. Nyingine zote zipishe nafasi kwa zile chache zenye hiari ya mteja ndani yake.

Mfano ulio karibu ni wa mhudumu anayepokea simu za wateja wa ving'amuzi. Simu nyingi ni za chaneli zilizopotea au malipo ambayo hayajasoma. Kati ya hizo, kila wiki kuna watu kama 15 hadi 20 wanaosema hawaendelei tena, bei imewashinda. Kwa mujibu wa utaratibu wa ofisi, mhudumu anaweza kuandika sababu na kufunga simu. Huyu wa mfano huwauliza kwanza nyumbani wanatazama nini hasa, na akigundua ni taarifa ya habari na tamthilia tu, huwaeleza kifurushi cha chini. Kwa wastani 6 au 7 hubaki. Mstari wake ni huu: "Nilipokea simu 60 hadi 80 kwa siku. Kati ya wateja 15 hadi 20 kwa wiki walioomba kusitisha huduma, 6 au 7 walibaki, wengi kwa kuhamia kifurushi cha bei ya chini."

Maneno ya mwisho ya mstari huo yanaweza kuonekana kama yanaushusha. Kwa kweli ndiyo yanayouinua. Bila hayo, msomaji mzoefu angejiuliza wateja walibakizwa kwa hila gani. Yakiwepo, anaona mtu aliyeuliza swali kabla ya kupendekeza bidhaa na aliyekubali mauzo madogo kuliko kukosa yote. Namba zimeandikwa kama makadirio, kwa sababu mhudumu hana takwimu rasmi mkononi, na hata kama angekuwa nazo, ripoti za ndani za kampuni si mali yake kuzitoa. Makadirio yaliyoandikwa kwa mipaka, "15 hadi 20", huaminika kuliko "asilimia 38.5" isiyo na chanzo.

Wahudumu wa kaunta, iwe benki, duka la simu au mapokezi ya hoteli, wana jambo lingine la kuandika: bidhaa ya pili. Mteja aliyekuja kubadilisha laini akafungua na akaunti ya kuweka akiba, au mgeni aliyekuja kwa usiku mmoja akaongeza safari ya mbugani. Kama ofisi iliweka lengo kwa hilo, kwa mfano akaunti 10 kwa mwezi, basi mhudumu huyo tayari alikuwa na tageti ya mauzo, na kazi anayoiomba si ya kwanza kama anavyodhani.

Mwombaji akishapata mistari yake, swali linalofuata ni iwekwe wapi. Wasifu wa kawaida wa Afrika Mashariki huanza na taarifa binafsi, zikiwemo tarehe ya kuzaliwa, dini na hali ya ndoa, kisha elimu kuanzia Darasa la Kwanza, halafu semina zote alizohudhuria mtu, na uzoefu wa kazi hutokeza ukurasa wa pili. Kwa mtu anayebadili kazi mpangilio huo ni hasara, kwa kuwa meneja hufika ukurasa wa pili akiwa ameshaamua kwamba anamsoma mwalimu. Juu kabisa, chini ya jina na namba ya simu, iwekwe aya fupi ya mistari 3 au 4 inayotaja kazi inayoombwa na ushahidi mkubwa kuliko wote. Kwa mwalimu wa Morogoro aya hiyo inaweza kusomeka hivi:

Mwalimu wa sekondari kwa miaka 4, anayeomba nafasi ya afisa mauzo. Nimeandikisha wanafunzi 37 kwa msimu mmoja kutokana na wazazi 140 niliowafikia mwenyewe, na kufuatilia ada za darasa la wanafunzi 45. Nazifahamu shule binafsi za Morogoro na jinsi zinavyonunua vifaa. Nina leseni ya udereva daraja A na nazungumza Kiswahili, Kiingereza na Kiluguru.

Kila sentensi hapo inajibu jambo lililo kwenye tangazo. Daraja A ni la pikipiki. Lugha ya kienyeji imetajwa kwa kuwa muuzaji atazunguka wilayani. Sentensi ya tatu, ya jinsi shule zinavyonunua vifaa, inahitaji maelezo, kwani ndiyo faida pekee aliyonayo mwalimu huyu ambayo muuzaji mzoefu wa sabuni au vinywaji hana. Anajua kwamba katika shule binafsi mkuu wa shule hupendekeza, lakini mwenye shule ndiye anayetia saini, na kwamba fedha huwepo ada zinapoingia Januari. Anajua pia ukubwa wa matumizi. Shule ya wanafunzi 400 yenye masomo 9, ikitoa mitihani 4 kwa mwaka na kila mtihani ukiwa na kurasa 4, huchapa kurasa 57,600 kwa mitihani hiyo tu, kabla ya majaribio ya kila wiki. Hesabu hiyo haifai kwenye wasifu, itaubana. Mahali pake ni kwenye barua ya maombi, na huko inafanya kazi kubwa: meneja anaona mtu ambaye tayari anafikiri kuhusu mteja wake na mashine zake.

Ndipo linapokuja swali la kuchagua kazi ya kuomba. Uzoefu wa ualimu huhamia vizuri kwenye mauzo kwa taasisi, bima, na bidhaa zinazohitaji kuelezwa kwa utulivu kwa mtu ambaye atakwenda kushauriana na mwenzake nyumbani kabla ya kuamua. Uzoefu wa kituo cha simu huhamia vizuri kwenye mauzo ya simu na kwenye kuwahudumia wateja ambao kampuni tayari inao. Hakuna kati yake unaohamia kirahisi kwenye kazi ya njia, ile ya kuzunguka na gari la bidhaa kwenye maduka 30 au 40 kwa siku, ambako kinachopimwa ni mwendo na hesabu ya stoo. Anayeiomba kazi hiyo anaweza kuipata, lakini wasifu wake utambeba kidogo.

Cheo kisibadilishwe. Kuna ushauri unaozunguka mitaani kwamba mwalimu ajiite "mshauri wa elimu kwa wateja", au kwamba aandike alikuwa "anawauzia wanafunzi maarifa". Meneja atatabasamu na kuendelea na wasifu unaofuata. Mwalimu abaki mwalimu, mhudumu abaki mhudumu, na mistari iliyo chini ya cheo ndiyo izungumze. Ujanja mwingine ni kuvunja historia ya kazi na kuipanga kwa vichwa vya ujuzi, mawasiliano huku, uongozi kule, tarehe zikatupwa chini kabisa. Mpangilio huo hushukiwa mara moja, maana wanaoutumia sana ni wale wenye mapengo ya kuficha. Kazi zipangwe kwa tarehe, ya karibuni kwanza, na mistari ya mauzo itangulie ndani ya kila kazi hata kama ilichukua sehemu ndogo ya muda. Kufundisha kutajwe kwa mstari mmoja, kwa sababu mwajiri anajua mwalimu hufanya nini.

Sifa za jumla, kama "mvumilivu", "mchapakazi" na "nafanya kazi chini ya shinikizo", zifutwe zote. Semina za ualimu nazo zifutwe, na elimu ianze na ngazi ya juu, yaani shahada au stashahada, kisha Kidato cha Sita au cha Nne. Kwa hatua hizi wasifu uliokuwa na kurasa 4 hutoshea kwenye 2.

Kabla ya kuutuma, kila mstari upimwe kwa maswali ambayo meneja atauliza: wangapi, kwa muda gani, wewe mwenyewe ulifanya nini, na waliokataa walisema nini. Swali la mwisho huwaangusha wengi. Mwalimu wa Morogoro anapaswa kukumbuka angalau visingizio vitatu vya wazazi wale 88 na alivyovijibu. Pengine mmoja alisema shule iko mbali, mwingine kwamba mtoto ni wa kike na hakuna uzio, na wa tatu alisema "nitakupigia" na hakupiga. Asipokumbuka hata kimoja, namba 140 itaanza kutiliwa shaka.

Namba zenyewe hupatikana mahali pengi kuliko mtu anavyodhani, kwenye daftari la mwalimu, vishina vya fomu, rejista ya Kidato cha Kwanza na ujumbe wa kundi la wazazi la WhatsApp. Anachoruhusiwa mwombaji kuchukua ni hesabu tu. Majina na namba za simu za wazazi hazitoki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya 2019, na taarifa za wazazi zilikusanywa kwa ajili ya shule. Mwombaji anayedokeza kwenye usaili kwamba atakuja na orodha ya wazazi 140 hujiona anatoa zawadi. Meneja makini husikia kwamba siku mtu huyu akiondoka, ataondoka pia na orodha ya wateja wa kampuni.

Mwisho ni wadhamini, ambao kwa desturi huwa watatu. Mwalimu huweka mkuu wa shule, mhadhiri wake wa chuo na kiongozi wa dini. Mkuu wa shule abaki, lakini nafasi ya mhadhiri apewe mhasibu wa shule, kwa kuwa ndiye aliyepokea fedha za fomu na ndiye aliyetoa orodha ya wadaiwa. Aombwe ridhaa kwanza, kisha apewe nakala ya wasifu na asome ile mistari miwili inayomhusu. Simu ikilia na sauti ngeni ikamuuliza kama ni kweli mwalimu yule aliuza fomu 52 msimu ule, atafungua kitabu cha risiti na kujibu.